‘Kuliko’ au ‘kumliko’? Jinsi lugha zinavyolinganisha sifa

MWALIMU mmoja wa shule ya upili alinionyesha majuzi insha ya mwanafunzi wake. Mtahiniwa huyo alikuwa ameandika: “Kaka yangu ni mrefu kumliko baba.” Mwalimu alipiga mstari mwekundu chini ya neno hilo na kumpunguzia alama. Mwanafunzi naye akauliza: ikiwa ‘kumshinda baba’ na ‘kumpita baba’ ni sahihi, kwa nini ‘kumliko baba’ iwe kosa?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake halipatikani kwa kukemea. Linatutaka tutazame kwanza njia ambazo lugha hutumia kusema kwamba kitu kimoja kina sifa fulani kwa kiwango kinachopita cha kingine.

Mtaalamu wa isimu kutoka Uholanzi, Leon Stassen, aliyechapisha kitabu kuhusu suala hili mwaka wa 1985, alizigawa njia hizo katika makundi machache. Katika atlasi ya miundo ya lugha za dunia iliyotolewa mwaka wa 2005, alilinganisha lugha 167. Lugha 78 kati ya hizo hutumia dhana ya mahali. Nyingine 33 hutumia kitenzi chenye maana ya kuzidi au kushinda. Lugha 34 huweka sentensi mbili sambamba, na 22 hutumia neno maalumu la kulinganishia, kama kifanyavyo Kiingereza.

Njia ya sentensi sambamba ndiyo iliyo nyepesi kuliko zote kueleweka. Wahishkariana wa msitu wa Amazoni, nchini Brazili, husema mfano wa: “Huyu ni mrefu, yule si mrefu.” Msikilizaji hujua kwamba wawili hao wanapimwa pamoja, hata kama huyo wa pili si mfupi kwa kweli.

Njia ya kitenzi tunaifahamu vyema katika eneo hili letu. Mganda husema ‘okusinga’, neno lenye maana ya kushinda. Mjaluo hutumia ‘moloyo’, linalotokana na kitenzi ‘loyo’, yaani kushinda vilevile. Mkikuyu naye ana ‘gũkĩra’, kuzidi. Katika lugha hizi, ulinganishi ni aina ya mashindano: mmoja ana sifa, na kwa sifa hiyo anamshinda mwenzake.

Njia ya mahali ina picha nyingine. Mwarabu husema kwamba kitu ni kikubwa ‘kutoka’ kingine: kile cha pili ndicho mahali kipimo kinapoanzia. Mmaasai naye hutumia kihusishi kilekile anachotumia kutaja mahali.

Sasa turejee kwa Kiswahili. Lugha hii ina njia zote mbili, ya kitenzi na ya mahali, na hapo ndipo mwanafunzi wetu alipojikwaa.

Tunaposema “Juma anamshinda Ali kwa kimo” au “Juma ni mrefu kumshinda Ali”, tumetumia kitenzi. Silabi ‘ku’ katika ‘kumshinda’ ni ile ya kitenzi-jina, kama katika ‘kula’ na ‘kucheza’. Ali ndiye anayeshindwa, kwa hivyo anawakilishwa na kiambishi ‘m’ ndani ya kitenzi. Muundo ni huohuo katika ‘kumzidi’ na ‘kumpita’.

Neno ‘kuliko’ halikuundwa hivyo. Lina vipande vitatu: ku-li-ko. ‘Ku’ hapa ni kiambishi cha ngeli ya mahali, kile tukipatacho katika “huku kunapendeza”. ‘Li’ ni kitenzi kishirikishi chenye maana ya kuwa. ‘Ko’ ni kirejeshi cha mahali, sawa na kile kilicho katika “sijui aliko”. Kwa asili, basi, ‘kuliko’ ni ‘mahali ambako yuko’ au ‘mahali ambako kipo’. “Juma ni mrefu kuliko Ali” ilimaanisha kwamba Juma ni mrefu pale Ali alipo. Ukiwasimamisha pamoja, urefu wa Juma ndio utakaoonekana.

Kwa kuwa ‘li’ hapa haimtendi mtu lolote, hakuna mtendwa wa kuwakilishwa. Kiambishi ‘m’ hakina nafasi ya kuingia. Anayeandika ‘kumliko’ ameichukua ‘ku’ ya mahali akaidhania kuwa ‘ku’ ya ‘kumshinda’.

Kosa hilo lina mantiki yake. Mtoto ambaye lugha yake ya kwanza hulinganisha kwa kitenzi hulisikia ‘kuliko’ kama kitenzi, kisha hulipa kiambishi ambacho vitenzi hustahili. Hata hivyo, ipo njia rahisi ya kujipima. Jaribu kulinyambua neno. ‘Kumshinda’ hutoa ‘alimshinda’, ‘atamshinda’ na ‘hamshindi’. ‘Kuliko’ haitoi chochote cha namna hiyo. Neno lisilokubali nyakati wala ukanushaji haliwezi kudai kiambishi cha mtendwa. Ndiyo maana tunasema “kuliko mimi” na “kuliko wao”, tukitumia viwakilishi kamili.

Hapo pana jambo jingine la kuangaliwa. ‘Kuliko’ ikifuatwa na jina tupu huweza kuleta utata. “Mzee alimpenda Musa kuliko mkewe.” Je, mzee alimpenda Musa zaidi ya alivyompenda mkewe, au alimpenda zaidi ya mkewe alivyompenda Musa? Katika familia inayogombania urithi, tofauti hiyo si ndogo. Dawa yake ni kuikamilisha sentensi: “kuliko alivyompenda mkewe”, au “kuliko mkewe alivyompenda”.

Na je, kilele cha sifa husemwaje? Kiingereza hubadilisha umbo la kivumishi chenyewe. Kivumishi cha Kiswahili hakibadiliki; tunachopanua ni kundi la wanaolinganishwa. Juma ni mrefu kuliko Ali. Juma ni mrefu kuliko wote. Neno hilo la mwisho lazima lifuate ngeli. Mwanafunzi ni hodari kuliko wote, mto ni mrefu kuliko yote, nyumba ni kubwa kuliko zote, na kitabu ni kizuri kuliko vyote. Wengi huandika ‘kuliko wote’ hata wanapozungumzia mito na nyumba.

Neno ‘zaidi’ linahitaji tahadhari kubwa hata kuliko hilo. Chukua sentensi “Mlima Kenya ni mrefu zaidi.” Ukiwa umetaja Mlima Elgon, wenye mita 4,321, sentensi hiyo ni ya kweli, kwani Mlima Kenya una mita 5,199. Ukiwa umetaja Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ni uongo. Na msomaji anayeichukulia kuwa kilele cha sifa atauliza: mrefu zaidi wapi, Kenya au Afrika? ‘Zaidi’ pekee haionyeshi kama waliolinganishwa ni wawili au ni wengi. Mwandishi makini ataandika: “Mlima Kenya ni mrefu kuliko milima mingine yote nchini Kenya, lakini Kilimanjaro unaupita.”

Tazama kwamba sentensi hiyo moja imetumia njia zote mbili. ‘Kuliko’ imeiweka milima mahali pamoja, nacho kitenzi ‘kupita’ kimechukua kiambishi chake, ‘u’, kinachowakilisha Mlima Kenya. Mwanafunzi akiweza kueleza kwa nini kiambishi hicho kimo katika ‘unaupita’ na hakimo katika ‘kuliko’, hataandika ‘kumliko’ tena.