Ngozi Ndiyo Inayopanga Tarehe

Tuseme kijana wa bodaboda ametoka Nkwenda na gunia la kahawa kuelekea Omurushaka. Kwenye kona anateleza, goti linagonga ukingo wa barabara. Eksirei inaonyesha kichwa cha muundi kimepasuka pande zote mbili na kuachana kabisa na mfupa ulio chini yake.

Kichwa hicho ni kama meza inayobeba mfupa wa paja. Mwaka 1979 Daktari Joseph Schatzker na wenzake wa Toronto waligawa mivunjiko yake katika aina sita. Tatu za kwanza ni za upande wa nje wa goti, ulio dhaifu zaidi. Upande wa ndani ni mgumu, kwa hiyo ukivunjika ujue kishindo kilikuwa kikubwa, na mishipa ya damu na ya fahamu iko hatarini. Kijana wetu ni wa aina ya sita.

Ndugu huuliza, "Daktari, mbona hamumwekei chuma leo?" Nawaelewa, wengine wameshauza mbuzi. Lakini mbele ya muundi ngozi imelala juu ya mfupa bila nyama katikati. Ukiipasua ikiwa imevimba, kidonda hakifungi, usaha unafika kwenye chuma, na mguu wenyewe unaweza kupotea.

Saa za kwanza tunaangalia shinikizo ndani ya misuli. Mguu ukikaza kama ubao, maumivu yakazidi licha ya dawa, na mgonjwa akapiga kelele ukinyoosha vidole vyake vya mguu, usijifariji kwa kuwa mapigo ya damu unyayoni bado yapo. Misuli huanza kufa ndani ya saa chache. Kuipasua ili ipumue hakusubiri gari la rufaa kwenda Bugando, Mwanza.

Kama dalili hizo hazipo, hufungwa fremu ya nje: pini mbili kwenye paja, mbili chini kwenye muundi, mbali na pale bamba la chuma litakapokaa, zikiunganishwa na fito baada ya mguu kuvutwa urudie urefu wake. Fremu haijengi upya meza ya goti. Inatuliza mifupa ili uvimbe ushuke, na tofauti na plasta, inaiacha ngozi wazi tuione. Picha ya sitiskani ni bora ipigwe baada ya hapo, vipande vikiwa vimenyooshwa.

Siku ya 3 kijana anatoka malengelenge. Yenye maji maangavu ni ya juujuu. Yenye damu yamechimba zaidi, na hatupasui kupitia hapo. Kwa kawaida kungoja huchukua siku 7 hadi 14. Zikipita wiki tatu, vipande huanza kuunga vibaya na kuvirudisha kunakuwa kazi ngumu.

Siku ya 13 malengelenge yamekauka, na ngozi ikisukumwa kwa kidole inafanya mikunjo. Kesho yake anaingia chumba cha upasuaji. Mabamba mawili yanawekwa kupitia mipasuo miwili, na fremu inatolewa palepale mezani.