Je, Wajua? Chuma cha Kushikia Bafuni

Je, wajua kwamba kigae hakibebi mtu? Kazi yake ni kuzuia maji. Jaja akiteleza na kukishika chuma, kinachombeba ni tofali lililo nyuma ya kigae.

Je, wajua kwamba skrubu zinazokuja na chuma mara nyingi ni fupi mno? Chukua bafu moja la Nateete: kigae milimita 8, gundi 5, lipu 20, na bamba la chuma chenyewe 3. Jumla 36. Skrubu ya 50 itaingia kwenye tofali milimita 14 tu! Tofali linataka 50 hivi, kwa hiyo ulizia dukani skrubu ya chuma kisichoshika kutu, urefu 90, unene 8, pamoja na fisha za plastiki za 10.

Je, wajua kwamba vumbi linasema? Likitoka la kijivu, bado uko kwenye gundi na lipu. Likigeuka jekundu, umefika kwenye tofali la kuchoma. Lakini drili ikitumbukia ghafla, tofali hilo lina matundu, kama yale ya kugawia vyumba yanayotengenezwa na Uganda Clays kule Kajjansi. Hapo fisha ya kawaida haina pa kubana. Toboa ukuta mzima, pitisha bolti, kisha weka bamba la chuma na nati upande wa pili. Bila shaka upande huo uwe chumba chako, si cha mpangaji mwenzio.

Je, wajua kwamba drili hutoboa kigae bila kugonga? Zima kigongeo, bandika selotepu ili ncha isiteleze, tumia biti ya vigae, nenda taratibu. Ukishavuka kigae, weka biti ya ukuta na uwashe kigongeo. Tundu la kwenye kigae liwe pana kidogo kuliko fisha, na fisha izame hadi ndani ya tofali. Ikitanukia ndani ya kigae, kitapasuka siku unayokaza skrubu.

Je, wajua kwamba kipande cha mti kilichopigiliwa tunduni, ujanja wa mafundi wengi, hukaza vizuri siku ya kwanza? Lakini bafuni mti huvimba, hukauka, husinyaa, kisha huoza.

Je, wajua kwamba kanuni za Marekani hutaka chuma hicho kistahimili pauni 250, karibu kilo 113? Na mtu anayeanguka hakivuti chini tu, hukivuta pia kuelekea kwake, na skrubu ya juu ndiyo inayong'olewa kwanza.

Kabla jaja hajakishika, chora mstari wa penseli kuzunguka bamba. Mtu mzima mzito akivute polepole, miguu yake ikiwa imara sakafuni, mpaka akiegemee kwa uzito wake wote. Bamba likiachana na mstari, au ufa ukitokea kwenye kigae, fungua uanze upya mahali pengine.