Dripu Zinaua? Jinsi ya Kuisoma Makala ya Utafiti Bila Kupotoka

Kisa hiki kilinipata nikiwa mwaka wa kwanza huku ughaibuni. Mwalimu wetu wa somo la afya ya jamii alitupa makala ya kurasa kumi na kitu, kila mtu aje na mambo matatu tu: matokeo makuu, mbinu, na mipaka ya utafiti. Nikasoma muhtasari wa mwanzo, nikaunakili kwa maneno yangu, nikalala. Jioni moja nikamwambia dada yangu kwa simu, kwa majivuno kabisa, kwamba wazungu wamegundua dripu zinaua watoto wa Afrika.

Baada ya wiki mbili dada akanipigia kutoka Tanga, analia. Mwanawe anahara na kutapika tangu jana, macho yameingia ndani, daktari anataka kumtundikia dripu naye amekataa. "Si wewe mwenyewe ulisema zinaua?"

Jamani, niliishiwa nguvu. Nilimwambia amwache daktari afanye kazi yake, halafu nikairudia ile makala, safari hii kwa kalamu mkononi. Mtoto alipona, lakini mimi nilijifunza kusoma kwa hofu.

Makala yenyewe ni maarufu. Utafiti unaitwa FEAST, ukiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, ukachapishwa mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine. Ulifanyika kwetu: Kilifi kule Kenya, Muheza Tanzania, na hospitali nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanzia kwenye jibu. Anza na swali. Katika FEAST swali lilikuwa hivi: mtoto aliyefika hospitali na homa kali, damu haizunguki vizuri mwilini, je, kumpa maji mengi ya mshipa kwa haraka kunapunguza vifo? Sehemu nyingi duniani ndivyo watoto hao walivyokuwa wakitibiwa, na watafiti wenyewe walitarajia maji yataokoa. Ukilijua hilo ndipo unapoona uzito wa jibu.

Pili, usiende kwenye matokeo kabla hujajua ni nani aliyeingizwa na nani aliyeachwa nje. Habari hii imo kwenye sehemu ya mbinu, mara nyingi sentensi mbili tatu ambazo macho huziruka. Walioingizwa walikuwa watoto wa siku 60 hadi miaka 12, wenye homa, waliopungukiwa fahamu au wanaopumua kwa shida, na wenye dalili kama miguu baridi au mapigo ya moyo ya mbio. Walioachwa nje ni wenye utapiamlo mkali, wenye kuhara na kutapika, walioungua, walioumia na waliofanyiwa upasuaji. Soma tena hapo: wenye kuhara na kutapika. Mtoto wa dada yangu hakuwamo katika utafiti ule, wala hakuna wa mfano wake. Sentensi moja niliyoiruka ingeweza kutugharimu mtoto.

Tatu, tazama kipi kililinganishwa na kipi. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilipewa maji yenye albumini kwa mkupuo, la pili maji ya chumvi kwa mkupuo, la tatu halikupewa mkupuo. Mkupuo ulikuwa mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa moja, yaani mtoto wa kilo 10 anapata kati ya mililita 200 na 400. Sasa hapa wengi huteleza: kundi la tatu halikuachwa kavu! Nalo lilipewa maji ya mshipa ya taratibu, dawa za malaria, antibiotiki, na damu kwa waliohitaji. Kwa hiyo utafiti haukulinganisha dripu na kukosa dripu. Ulilinganisha mkupuo wa haraka na maji ya taratibu.

Bahati nasibu ina kazi yake pia. Kama madaktari wangechagua wenyewe, wangewapa mkupuo watoto mahututi zaidi, na vifo vingezidi kwa sababu ya ugonjwa, si ya maji. Kura huondoa shaka hiyo.

Sasa matokeo. Tafuta lile tokeo ambalo watafiti walitangaza mapema kwamba ndilo kuu; hapa lilikuwa kifo ndani ya saa 48. Andika hesabu kamili kabla ya kuandika asilimia. Kundi la albumini walikufa 111 kati ya 1,050, la maji ya chumvi 110 kati ya 1,047, lisilo na mkupuo 76 kati ya 1,044. Hiyo ni asilimia 10.6, 10.5 na 7.3. Makala inasema hatari ya kufa kwa waliopewa mkupuo ilikuwa mara 1.45. Ukisikia "imezidi kwa asilimia 45" utashtuka, nawe uandike na upande wa pili: katika kila watoto 100 waliopewa mkupuo walikufa takriban watatu zaidi. Zote mbili ni kweli, na msomaji anastahili zote mbili.

Kando ya 1.45 utakuta namba mbili, 1.13 na 1.86. Hayo ndiyo masafa ambamo ukweli huenda umo, kwa jinsi data zilivyo. Kwa kuwa hata ile ya chini imepita 1, bahati tupu si maelezo mazuri. Kama masafa yangeanzia chini ya 1, tungeongea kwa sauti ya chini.

Mipaka ndiyo inayowashinda wanafunzi, maana wanadhani ni kutafuta makosa. Mpaka ni mahali ambapo jibu linaishia. Waliotoa tiba walijua nani anapewa mkupuo, haikufichika. Ila kifo ni kifo, hakibadiliki kwa mawazo ya daktari, kwa hiyo udhaifu huu hauumi sana. Utafiti ulisimamishwa mapema, Januari 2011, kwa ushauri wa kamati huru ya usalama, na utafiti ukikatizwa hivyo namba huweza kukuzwa kidogo. Hospitali hazikuwa na mashine za kupumulia. Watoto ambao shinikizo la damu lilikuwa limeporomoka kabisa waliwekwa kando, nao walikuwa 29 tu. Kwa idadi hiyo huwezi kusema kitu. Na makala ya 2011 haikuweza kueleza kwa nini mkupuo uliua. Watafiti walirudi na uchambuzi mwingine mwaka 2013, ukaonyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na mzunguko wa damu kuporomoka kuliko mapafu kujaa maji kama wengi walivyodhani.

Majuzi mdogo wetu mmoja, ndiyo kwanza kafika chuoni, aliniletea karatasi yake kuhusu makala hii. Aliandika: "Utafiti umethibitisha kuwa dripu zinaua watoto wa Afrika." Tukakaa jikoni na chai, tukaifuta sentensi hiyo neno moja moja. Ikawa: "Katika hospitali sita za Afrika Mashariki, watoto wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu, wasio na kuhara wala utapiamlo mkali, walikufa zaidi walipopewa maji kwa mkupuo kuliko walipopewa taratibu." Akalalamika kwamba imekuwa ndefu. Nikamwambia aniongezee sukari.