Salamu za Krismasi kwa Anayeingia Kidato cha Nne

"Heri ya Krismasi, mdogo wangu. Mwakani ndiyo mwaka wenyewe. Wewe ni kichwa, divisheni wani ni yako, sote tunakutegemea."

Ujumbe wa namna hii unatumwa kwa mapenzi. Lakini binti wa Kitanzania aliyemaliza kidato cha tatu, akiusoma sikukuu kwenye simu ya mama yake, anakuta ameshawekewa ahadi ambayo hakuitoa. Mtihani wa taifa ni Novemba. Divisheni ya kwanza ni pointi 7 hadi 17 katika masomo saba aliyofaulu vizuri zaidi, na hesabu hiyo haiwezi kufanywa Desemba na mtu yeyote, awe mwanafunzi au mlezi wake.

Neno linalohitaji uangalifu zaidi ni "kichwa". Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha utafiti walioufanya Marekani kwa watoto wa darasa la tano. Baada ya maswali ya ugumu wa wastani, baadhi walisifiwa kwa akili, wengine kwa juhudi. Kisha wote wakapewa maswali magumu, wakakwama. Walipopewa tena ya ugumu wa wastani, waliosifiwa kwa akili walifanya vibaya kuliko mwanzo, ilhali waliosifiwa kwa juhudi walipanda. Sababu inaeleweka: ukiambiwa una akili, swali likikushinda unaanza kujishuku wewe mwenyewe. Na mtahiniwa wa kidato cha nne atakwama mara nyingi, hasa kwenye mitihani ya majaribio, ambayo wanafunzi huiita moko.

Basi mlezi aandike nini? Aanze na jambo aliloliona kwa macho yake, kisha aache mlango wazi. Kwa mfano:

"Heri ya Krismasi, mdogo wangu. Bado nakumbuka ulivyorudia yale maswali ya logarithimu hadi ukajua unapokosea. Likizo hii pumzika, msaidie mama, ucheze na wadogo zako. Shule zikifunguliwa, ukikwama popote niambie, hata kama ni jambo dogo. Huna haja ya kujibu sasa. Dada yako."

Hapa hakuna divisheni wala "tunakutegemea". Logarithimu zimetajwa kwa sababu ni kweli alizihangaikia. Mlezi asiye na kumbukumbu kama hiyo ni bora aandike salamu tu kuliko kubuni sifa. Ile sentensi ya kutojibu ina uzito pia, maana simu ni ya mzazi, na jibu linaweza kuandikwa huku watu wazima wakichungulia.

Kipimo kingine huja Januari, matokeo ya waliotangulia yanapotangazwa na nyumba nzima kuanza kulinganisha watoto. Mlezi asimtumie orodha ya waliong'ara. Ujumbe wake hauwezi kuziba pengo la mwalimu wa fizikia asiyekuwepo, wala kulipa ada inayodaiwa. Ila binti akiandika Machi, "Dada, kemia imenishinda", mlezi atajua ni mada ipi ya kuanza nayo.