Jiji Lisilo na Meya: Katika Eldoret, Nani Huulizwa?



Tarehe 15 Agosti 2024, Rais William Ruto aliukabidhi mji wa Eldoret hati ya kuwa jiji. Ukawa jiji la tano la Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Familia nyingi za pwani zina jamaa huko, wakiwemo wafanyabiashara na vijana wanaosoma Chuo Kikuu cha Moi. Tangu siku hiyo swali moja limekuwa likirudiwa: meya wa jiji hilo ni nani? Jawabu lake ni kwamba hayupo, wala sheria haimtaki. Basi mtaro ukiziba au taka zikirundikana mlangoni, ni nani wa kuulizwa?

Zama za meya na karani

Wazee wetu waliuzoea utaratibu mwingine. Kila wadi ilimchagua diwani wake, na wengine waliteuliwa na waziri wa serikali za mitaa. Madiwani hao walipokutana, wao ndio waliompigia kura meya kutoka miongoni mwao. Kwa hivyo mwananchi wa kawaida hakumchagua meya moja kwa moja. Meya alivaa joho na mkufu, akaongoza vikao. Lakini daftari la kazi na watumishi vilikuwa mikononi mwa karani wa baraza, ambaye hakupigiwa kura na mtu yeyote. Ushuru wa soko na kodi ya viwanja viliingia katika hazina ya baraza lenyewe.

Utaratibu huo ulikoma baada ya uchaguzi wa Machi 2013, wa kwanza chini ya Katiba ya 2010. Mabaraza yote ya miji nchini yakavunjwa na kazi zake zikahamia kwa serikali za kaunti. Eldoret ikawa chini ya Kaunti ya Uasin Gishu.

Milango mitatu

Leo mamlaka ya jiji yamegawanyika baina ya milango mitatu, nayo yafaa kujulikana kila mmoja kwa kazi yake.

Mlango wa kwanza ni wa waliochaguliwa kwa kura. Gavana huchaguliwa na wapiga kura wote wa kaunti, kwa muhula wa miaka mitano, wala hawezi kuzidisha mihula miwili. Jackson Mandago alimaliza mihula yake miwili mwaka 2022, akafuatwa na Jonathan Bii. Kando ya gavana kuna bunge la kaunti, lenye wawakilishi wa wadi 30 pamoja na walioteuliwa na vyama. Bunge hilo hutunga sheria za kaunti na kupitisha bajeti.

Mlango wa pili ni bodi ya jiji. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 yataka bodi isiyozidi watu kumi na mmoja. Hawa hawapigiwi kura na wakazi. Baadhi yao huteuliwa na serikali ya kaunti, na wengine hupendekezwa na makundi ya mjini: wanataaluma, wafanyabiashara, watu wa jua kali na vyama vya wakazi wa mitaa. Wateuliwa hao huhitaji kuidhinishwa na bunge la kaunti. Kazi yao si ya kutwa. Hukutana, hupanga na husimamia.

Mlango wa tatu ni meneja wa jiji. Huyu ni mwajiriwa, aliyeomba kazi na kushindanishwa kwa elimu na uzoefu. Hutekeleza maamuzi ya bodi, naye huwajibika kwa bodi hiyo. Kwa kazi, anafanana zaidi na yule karani wa zamani kuliko meya.

Mombasa si hivyo. Huko jiji na kaunti ni kitu kimoja, na serikali ya kaunti ndiyo inayolisimamia jiji. Mkazi wa Kisauni humpigia kura gavana ambaye eneo lake lote ni jiji. Mkazi wa mtaa wa Huruma, Eldoret, humpigia kura gavana mmoja na mkulima wa mahindi wa Moiben.

Jinsi mji ulivyopanda daraja

Sheria ya 2011 ilipoandikwa, mji ulihitaji wakazi 500,000 ili uwe jiji. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa, kiwango kikashuka hadi 250,000. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 475,716 Eldoret. Kwa kipimo cha awali mji usingefika. Kwa kipimo kipya ulivuka kwa mbali. Hata hivyo, idadi ya watu pekee haikutosha: ombi lilipaswa kupita bunge la kaunti, kisha Seneti, ndipo lifike kwa Rais.

Hata bodi zenyewe zilichelewa. Kwa miaka kadhaa baada ya 2013, miji mingi iliendeshwa moja kwa moja na ofisi za kaunti, na sheria ikabaki karatasini. Kilichobadili mambo ni fedha. Mpango wa kuisaidia miji, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, uliweka sharti kwamba mji usio na hati, bodi na meneja haupati ruzuku. Ndipo kaunti zikaharakisha kuziunda.

Mtaro wa Huruma

Tuchukue mfano wa mama anayeishi Huruma, ambaye mtaro wa mbele ya nyumba yake hufurika kila mvua ya Aprili. Ikiwa mtaro upo na umeziba tu, hiyo ni kazi ya matengenezo, na mlango wake ni wa meneja. Apeleke barua yenye tarehe, abaki na nakala iliyopigwa muhuri. Barua isipojibiwa, malalamiko yapande kwa bodi, kwa kuwa ndiyo iliyo juu ya meneja.

Lakini ikiwa mtaro haujawahi kujengwa, meneja hana la kufanya bila fungu la fedha. Bodi haina hazina yake kama baraza la zamani. Ushuru anaolipa mama huyo sokoni huingia katika mfuko mmoja wa kaunti, kisha hugawanywa na bunge la kaunti. Makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kwa hivyo hoja ya mtaro mpya yapaswa kumfikia mwakilishi wa wadi na vikao vya wananchi mapema, kabla ya Aprili. Ikiletwa Mei huwa imechelewa, na mara nyingi husubiri mwaka mwingine.

Hapa ndipo udhaifu wa utaratibu huu hujitokeza. Wadi za mjini kama Huruma, Langas, Kapsoya na Racecourse zimo katika maeneo bunge manne tofauti, nazo ni chache zikilinganishwa na wadi za mashambani. Hakuna mtu mmoja aliyechaguliwa na jiji zima awe msemaji wake. Bodi yaweza kupanga vizuri, na bajeti ikaelekezwa kwingine. Anayetaka kujua shida iko wapi na aulize mambo mawili: je, kazi hii iliwekwa katika bajeti iliyopitishwa? Ikiwa haikuwekwa, lawama ni ya bunge na gavana, na hukumu yao ni kura. Ikiwa iliwekwa na haikufanywa, wa kuulizwa ni meneja na bodi.

Vikao vya bunge la kaunti viko wazi kwa umma kwa mujibu wa Katiba, na bajeti iliyopitishwa si siri. Kina mama wa mtaa mmoja wakiteua wawili miongoni mwao waisome bajeti hiyo na kuhudhuria vikao vyake, watajua ni mlango gani wa kubisha. Cheo cha meya kimeondoka, lakini amana aliyoibeba haikuondoka. Imegawanywa kwa watu wengi, na kila mmoja ana sehemu yake ya kuulizwa.