Jina la Mwajiri Kabla ya Kuvuka Kasindi

Kati ya maswali ambayo mtu anayetaka kwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba humwuliza wakala, lile la mshahara hutangulia daima, na lile la jina la mwajiri mara nyingi halitajwi kabisa, ingawa ndilo linalobeba mengine yote. Sababu yake ni utaratibu uitwao kafala, yaani udhamini, ambao kwao mgeni huingia na kukaa nchini kwa dhamana ya mtu au ofisi maalumu, kafili, ambaye ndiye anayeomba viza ya kazi kwa ajili yake. Kwa hiyo viza ya kazi ikiwa imekwisha kutolewa, jina la mdhamini limo ndani yake, na wakala aliyeishika mkononi hawezi kudai kwamba halijui.

Jibu la "utamjua ukifika" lina maana chache tu: ama viza haijapatikana bado, ama jina linafichwa, ama karatasi iliyoandaliwa ni viza ya matembezi, ambayo haina mwajiri na hairuhusu kazi. Anayeingia kwa viza ya matembezi huenda akajikuta katika ofisi ya mawakala akingoja kuchaguliwa na wenye nyumba, huku siku za viza zikipungua, na kila siku inayopita inampunguzia uwezo wa kukataa mshahara mdogo kuliko ule alioahidiwa. Kwa sababu hiyo inafaa kuomba kuiona viza yenyewe na kusoma mambo mawili: aina yake, na jina la mdhamini.

Jina hilo ndilo linalopaswa kuonekana tena katika mkataba. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani, unataka anayeajiriwa kutoka nchi nyingine apate ahadi ya kazi au mkataba ulioandikwa kabla hajavuka mpaka, ukionyesha jina na anwani ya mwajiri, mahali pa kazi, mshahara, saa za kazi, mapumziko na masharti ya kurudishwa nyumbani. Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 nayo inahesabu jina la mwajiri, mahali pa kazi na malipo miongoni mwa yale ambayo mkataba ulioandikwa hauwezi kuyaacha. Hila inayojulikana zaidi ni kubadilisha mkataba: wa kwanza husainiwa nyumbani, wa pili hutolewa baada ya kufika, kwa lugha asiyoisoma mfanyakazi na kwa mshahara uliopunguzwa. Nakala ya ule wa kwanza haiizuii hila hiyo, ila bila nakala hakuna njia ya kuithibitisha.

Suala la nauli ndilo lenye utata mkubwa, kwa kuwa mawakala husema safari ni ya "bure", na neno hilo hutumiwa kwa maana mbili. Katika Falme za Kiarabu, sheria ya wafanyakazi wa nyumbani ya mwaka 2022 inamkataza wakala kudai au kupokea ujira kutoka kwa mfanyakazi kwa ajili ya kumpatia kazi, kwani anayelipia huduma hiyo ni mwajiri. Wakala anayemtoza pia msichana wa Kayna analipwa mara mbili kwa kazi moja. Hata hivyo mawakala wengi hawaombi fedha taslimu. Husema kwamba tiketi, viza na vipimo vya daktari vitalipwa kwanza, kisha "vitarudishwa kidogo kidogo". Tuseme, kwa mfano tu, kwamba gharama hizo zimeandikwa kuwa dola 1,200, mshahara ni dola 200 kwa mwezi, na makato ni dola 100: nusu ya mshahara itakatwa kwa miezi 12, yaani nusu ya mkataba wa miaka miwili. Mfanyakazi akiteswa na kutaka kuondoka baada ya mwezi wa tano, ataambiwa kwamba bado anadaiwa dola 700, na deni hilo ndilo litakalokuwa kufuli la mlango, kuliko hata pasipoti iliyochukuliwa. Kwa hiyo swali sahihi si kama safari ni ya bure, bali ni nani anayelipa kila gharama, kama kuna makato yoyote, na kama jibu hilo limeandikwa ndani ya mkataba.

Ugumu mwingine kwa watu wa Lubero na Beni unatokana na njia yenyewe, kwa kuwa safari za namna hii mara nyingi hupita Kasindi na Mpondwe hadi Kampala na uwanja wa Entebbe. Uganda ina kanuni zake za mawakala wenye leseni, lakini zimetungwa kwa ajili ya Waganda wanaokwenda ng'ambo, na Mkongo anayesafirishwa kwa hati za Kiganda atakuwa na shida ya kudai haki katika nchi zote mbili, maana ubalozi wa Kongo hautamwona katika karatasi zake. Wakala anayependekeza kubadilisha jina au uraia katika pasipoti amekwisha kujibu maswali yote matatu, la mwajiri, la mkataba na la nauli.

Nakala ya mkataba, picha ya viza na maandishi yanayoonyesha nani analipa nauli viachwe kwa mzazi au ndugu anayebaki, kabla msafiri hajafika mpakani Kasindi.