Chumvi Inapoizidi Sabuni

Mnunuzi wa sabuni ya maji hutikisa chupa kwanza. Ikiwa nzito ananunua. Ikiwa nyepesi anairudisha kwenye rafu. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa nyumbani sabuni ikiwa nyepesi huongeza chumvi, na isipokolea huongeza tena. Hapo ndipo ndoo nzima huharibika.

Kiungo kikuu cha sabuni hii ni slesi, ambayo Kenya huitwa ungaroli. Chembe zake zina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Ndani ya maji hujikusanya katika vifungu vidogo vya mviringo, mikia ikiwa ndani. Vichwa vina chaji za aina moja, kwa hiyo husukumana. Chumvi hupunguza msukumo huo, vichwa vikasogeleana na vifungu vikarefuka, hata vikasokotana kama tambi sufuriani. Msokotano huo ndio uzito tunaouona. Chumvi ikizidi, nyuzi hizo hutoa matawi yanayoteleza kwa urahisi, na sabuni hurudi kuwa nyepesi. Ikizidi zaidi, sabuni huwa na ukungu na kujitenga na maji.

Chukua mfano wa ndoo ya lita 20. Koroga kilo 1 ya slesi na robo kilo ya chumvi mpaka iwe nyeupe, kisha ongeza lita 15 za maji kidogo kidogo, ukikoroga taratibu povu lisijae. Tia rangi na manukato sasa, kwa sababu manukato nayo hubadili uzito. Acha povu litulie. Yeyusha nusu kilo ya chumvi katika lita moja na nusu ya maji, uyatie kikombe kidogo kimoja kimoja, ukingoja dakika chache kila mara. Mara uzito unapotosha, acha, hata kama maji ya chumvi yamebaki. Kiasi hakifanani kila siku: kisima cha pwani chenye maji ya chumvi kimeshakutangulia kuitia. Sabuni yenye joto nayo huonekana nyepesi, basi pima ikiwa imepoa.

Ikiwa nyepesi na hujui sababu, chota glasi mbili. Moja tia kijiko cha maji ya chumvi, nyingine kijiko cha maji matupu. Ikikolea ile ya chumvi, chumvi bado haijatosha. Ikikolea ile ya maji matupu, chumvi imezidi, umeshapita kilele cha uzito. Itibu ndoo kwa maji yenye slesi kidogo, ili nguvu ya kusafisha isipungue.

Kwa maana uzito si nguvu. Kinachoondoa mafuta kwenye sahani ni slesi, na chumvi inaweza kuificha sabuni hafifu machoni pa mnunuzi. Muuza duka ataigundua wateja watakapolalamika kuwa chupa inaisha upesi, na oda ya pili haitakuja. Pima slesi kwa mizani kila mara, andika kiasi chake daftarini, kisha ndipo ucheze na chumvi.